Nilivyoupima wasifu wa mkaguzi wa hesabu kwa kikokotoo kabla ya kumpa kazi

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 1,140. Mikopo iliyokuwa hai tulipofunga mwaka ni 612, na watumishi wa ofisini ni sita. Mkaguzi wetu wa zamani alistaafu, kamati ikanituma kutafuta mwingine. Nilipokea wasifu wa kampuni kadhaa, lakini nitazungumzia mbili tu: ile iliyotuvutia sana mwanzoni, na ile tuliyoipa kazi hatimaye. Zote sizitaji majina.

Wasifu wa kwanza ulikuwa wa kupendeza macho. Uliandika kwamba kampuni imefanya "ukaguzi zaidi ya 1,500 katika sekta zote" kwa miaka sita. Mwenyekiti wetu aliposoma namba hiyo alikuwa tayari kusaini. Mimi nikafungua ukurasa wa mwisho, ambako waliorodhesha wafanyakazi: watano, pamoja na mwenye kampuni.

Kazi 1,500 kwa miaka sita ni 250 kwa mwaka. Ukiondoa likizo, sikukuu, mafunzo na shughuli za ofisi, mtu mmoja hubakiwa na saa kama 1,600 za kumfanyia mteja kazi kwa mwaka. Watu watano ni saa 8,000. Gawanya kwa 250, unapata saa 32 kwa kila ukaguzi. Hizo ni siku nne za mtu mmoja, na ndani yake aelewe shughuli za mteja, apange kazi, apime sampuli, aandike makaratasi, bosi wake ayapitie, kisha ripoti itoke. Tena hapo nimechukulia kwamba hawafanyi kitu kingine chochote, wala ritani ya kodi moja, na kwamba kazi zimesambaa sawasawa mwaka mzima. Hali halisi si hiyo. Wateja wengi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba na wote wanataka ripoti kabla ya mikutano yao mikuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hubanana ndani ya miezi minne.

Niliwapigia kuuliza. Jibu likawa kwamba 1,500 ni "huduma", yaani humo kuna ritani za kodi, usajili wa kampuni na hesabu za mishahara. Hakuna ubaya kuzifanya kazi hizo, ila si ukaguzi, na neno lililoandikwa ni ukaguzi.

Kulikuwa na namba nyingine iliyowababaisha wenzangu: thamani ya mali "iliyokaguliwa", ambayo ilikuwa kubwa kama ya benki. Na kweli ilikuwa ya benki. Mwenye kampuni aliwahi kuajiriwa katika kampuni kubwa ya ukaguzi akiwa kijana, akawa mmoja wa timu iliyokagua benki hiyo, kazi yake ikiwa kuhesabu fedha taslimu matawini na kulinganisha taarifa. Uzoefu huo una thamani yake, siudharau, lakini mizania ya benki nzima haiwi ya mtu aliyehesabu noti kwenye kasha la tawi. Tangu siku hiyo, nikikuta thamani kubwa kwenye wasifu nauliza mambo mawili: wewe ulikuwa na nafasi gani katika kazi hiyo, na nani alitia saini ripoti?

Kilichonifanya niufunge wasifu ule ni cheti. Watu wengi huona herufi baada ya jina wakadhani mambo yamekwisha, kumbe kuna ngazi tatu hapo. Kuna mwanafunzi aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, ambaye bado anafanya mitihani. Kuna mwanachama kamili, aliyefaulu mitihani na kutimiza miaka ya mafunzo kazini. Kwa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, miaka hiyo ni mitatu. Kisha kuna mwenye cheti cha kutoa huduma za ukaguzi kwa umma, ambacho huhuishwa mara kwa mara na huweza kusimamishwa. Mhasibu mzuri kabisa aliyeajiriwa na kiwanda anaweza kuwa mwanachama kamili na bado asiruhusiwe kutia saini ripoti ya ukaguzi. Nilitafuta namba ya cheti kwenye rejesta ya bodi, nikakuta ni halali, ila jina lililo pale ni la mzee ambaye hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wala hatukuwahi kumwona. Yeye huletewa ripoti asaini. Hapo nikaacha.

Wasifu wa pili ulikuwa kurasa tatu, hauna picha hata moja. Wabia wawili, wote na namba za vyeti na mwaka wa kuhuishwa. Wafanyakazi tisa, kila mmoja na ngazi yake. Wanne kati yao wameandikwa wazi kuwa bado wanafanya mitihani. Mwaka uliotangulia walikamilisha kaguzi 38: vyama vya akiba na mikopo 11, shule 9, miradi ya wafadhili 12, na zilizobaki ni kampuni ndogo za biashara. Chama kidogo kilikuwa na wanachama kama 200, kikubwa 6,400. Sentensi moja ikanifurahisha kuliko zote: "Hatukagui benki, bima wala kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa."

Nikarudia hesabu yangu. Watu 11 kwa saa 1,600 ni saa 17,600. Mbia aliniambia kwamba ukaguzi huchukua kama asilimia 60 ya muda wao, yaani saa 10,560. Gawanya kwa 38, unapata kama saa 278 kwa kila kazi. Ni wastani tu, maana mradi mdogo utakula chache na chama cha watu 6,400 kitakula nyingi, lakini ni namba inayoingia akilini. Kwetu walikadiria saa 200. Mwishoni niliomba hesabu ya muda, zikawa 231.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo nilipojua kama zile kaguzi 11 za vyama zilikuwa za kweli.

Walianza na barua za uthibitisho. Walichagua wakopaji 60, wakawaandikia wao wenyewe kuuliza salio la mkopo na la akiba, majibu yaende ofisini kwao bila kupitia kwetu. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 505, kinavyotaka: mkaguzi ndiye aishike barua tangu inapotoka hadi jibu linaporudi, vinginevyo mtumishi mwenye la kuficha ataijibu mwenyewe. Majibu 44 yalirudi, matano yakipingana na vitabu. Manne yalikuwa ya tarehe tu, watu waliolipa benki siku za mwisho za Desemba sisi tukaandika Januari. La tano lilikuwa rejesho lililoingizwa kwenye akaunti ya mwanachama mwingine mwenye jina linalofanana. Kwa wale 16 wasiojibu, walifuata stakabadhi za benki za marejesho yaliyofuata baada ya mwaka kufungwa.

Hadi hapo mkaguzi yeyote makini angefika. Siku ya nne, kiongozi wa timu, binti mtulivu sana, alikuja mezani kwangu. "Mweka hazina, naomba orodha ya mikopo yote iliyotolewa siku ileile ambayo mwanachama huyohuyo alimaliza mkopo mwingine." Sikuelewa anachotafuta. Karani wa mikopo alielewa, nikamwona anavyobadilika uso.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanachama akishindwa kulipa, karani humpa mkopo mpya unaolipa ule wa zamani. Kwenye mfumo, mkopo wa zamani unasomeka umelipwa wote, na mpya unaanza na siku sifuri za kuchelewa. Sisi tunafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9, ambacho kwa kawaida humchukulia mkopaji aliyechelewa zaidi ya siku 30 kuwa hatari yake imeongezeka sana, na akipita siku 90 kuwa ameshindwa kulipa, labda uwe na ushahidi mzuri wa kinyume chake. Tengo la hasara, yaani kiasi tunachotenga kufidia mikopo ambayo huenda isilipwe, hukua kwa kufuata hatua hizo. Mkopo ukizaliwa upya kila unapokaribia siku 90, tengo halikui kamwe, na ziada ya mwaka inapendeza.

Mikopo ya namna hiyo ilikuwa 19. Kwa idadi si mingi, ila ilikuwa mikubwa: karibu asilimia 7 ya salio lote la mikopo. Walirudi kwenye mkataba wa awali wa kila mmoja wakahesabu siku za kuchelewa kana kwamba mkopo mpya haukutolewa, na 14 ilikuwa imeshapita siku 90. Tengo likaongezeka, ziada yetu ikapungua kwa kiasi cha moja ya tano, na gawio tulilokwisha kulinong'ona kwa wanachama likayeyuka. Kikao cha kamati siku ile sitakisimulia.

Nilimuuliza yule binti alijuaje. Alisema amewahi kuukuta mchezo huo kwenye vyama viwili vingine, na kwamba ripoti ya kuchelewa kwa marejesho iliyo safi mno katika mwaka mgumu humpa wasiwasi kuliko iliyo chafu. Kwa karani hakukuta wizi, alikuta mtu aliyekuwa anaficha aibu ya kitengo chake, na barua yao kwa menejimenti iliandika hivyo bila kuongeza chumvi: nani aidhinishe mkopo unaofuta mwingine, na mfumo uweke alama gani. Tulirekebisha vitabu, hati ikatoka safi.

Sasa malalamiko, maana yapo. Walisema wiki tatu, zikawa tano. Nyaraka waliziomba kwa kudonoadonoa. Leo mikataba, kesho kutwa mihtasari ya vikao, wiki ijayo mihtasari ileile ya mwaka wa nyuma. Orodha moja mwanzoni ingetuokolea siku nyingi. Mbia anayetia saini alifika mara mbili tu, siku ya kufungua na siku ya kujadili matokeo. Nilipolalamika alinionyesha maoni yake kwenye faili, kurasa kwa kurasa, na nikakubali kwamba ameisoma kazi, ila wajumbe wa kamati walitaka kumwona. Na vijana wawili waliokuwa wakipima hati za malipo walihitaji kuelezwa mara tatu tofauti ya hisa na akiba.

Nimewapa nyota nne. Mwakani tumewaomba tena, kwa sharti kwamba orodha ya nyaraka ifike mwezi mmoja kabla na yule kiongozi wa timu arudi. Sharti la kwanza wamelikubali kwa maandishi. La pili wamesema hawawezi kuliahidi, kwa kuwa binti ana mtihani wake wa mwisho msimu huohuo.