Neno "alikuwako" au "lilikuwako"? Upatanisho katika Yohana 1:1

Katika makala ya isimu ninayoiandaa hapa Kampala, uamuzi ulionichosha zaidi si kutafsiri "logos" kuwa "Neno", bali kiambishi kinachofuata. "Neno lilikuwako" hufuata ngeli ya Ji-Ma, na humwacha msomaji agundue mwenyewe, kufikia aya ya 14, kwamba Neno ni nafsi. Kigiriki nacho hakiamui mapema, kwa kuwa kiwakilishi "houtos" cha aya ya 2 ni cha kiume kwa sababu tu "logos" ni nomino ya kiume.

"Neno alikuwako", kama ilivyo katika Biblia ya Muungano, hutangaza nafsi tangu mwanzo. Wasomaji wangu Waganda wameuzoea utaratibu huu: Biblia ya Luganda huandika "Kigambo n'aba", ikidondosha irabu ya mwanzo ya "ekigambo" ili liwe jina la mtu, na kutumia kiambishi cha watu.

Nimechagua "alikuwako", kwa sababu kubadili kutoka "li-" hadi "a-" katika aya ya 14 kungeonekana kosa la sarufi; hoja ya "lilikuwako" nimeieleza kikamilifu katika tanbihi, kwani ni nzito.