Jukwaa lipi limfae mbunifu wa nembo na lebo jijini Nairobi

Mbunifu wa nembo na lebo anapochagua jukwaa la kutafutia wateja, swali la kwanza huwa ni asilimia inayokatwa. Swali hilo halitoshi. La kuuliza ni kiasi gani kitabaki mkononi baada ya kazi ya kwanza, na kazi ya pili ya mteja yuleyule itagharimu nini. Kwa kigezo hicho nimeyapanga majukwaa manne.

Behance, inayomilikiwa na Adobe, naiweka mbele kwa sababu kuonyesha kazi hapo ni bure na mteja huona kazi kabla ya kuona bei. Hata hivyo, picha nzuri za kompyuta pekee hazimshawishi mtu anayetaka kuchapisha. Niliwahi kuweka lebo ya asali iliyovikwa chupa ya kuchorwa, na mfanyabiashara mmoja akaniuliza kama imewahi kuchapishwa kweli. Niliichapisha katika duka la River Road, nikaibandika kwenye chupa halisi na kuipiga picha karibu na dirisha, mshono wa lebo ukionekana. Kando yake niliweka faili lenye ukingo wa ziada wa milimita 3 unaokatwa na mashine, na rangi za uchapishaji za CMYK. Tangu hapo wanaonipigia simu huuliza tarehe ya kumaliza, si kama ninaweza.

Ya pili ni LinkedIn, na akaunti ya bure inatosha. Hapa ndipo walipo maofisa wa masoko wa kampuni za Westlands na Upper Hill, ambao hawatafuti mchoraji wa bei rahisi bali mtu wanayeweza kumtetea mbele ya idara ya fedha. Idara hiyo itataka PIN ya KRA na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwani tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi. Kwa kazi ya shilingi 60,000, kampuni itazuia kodi ya asilimia 5, yaani shilingi 3,000, nawe utapokea 57,000. Fedha hizo hazikupotea: dai cheti cha kodi iliyozuiwa, kwa maana ndicho kitakachopunguza kodi yako ya mwaka. Hasara halisi ya njia hii ni kucheleweshewa malipo, kwa hiyo omba nusu kabla ya kuanza.

Upwork na Fiverr zinahitaji hesabu ya makini zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme kazi ni ya dola 100. Fiverr hukata asilimia 20, zinabaki 80. Upwork hukata kati ya 0 na 15 kulingana na mkataba. Tukichukua 10, zinabaki 90, na inaonekana imeshinda. Lakini kuomba kazi Upwork hutumia Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, na kila moja huuzwa kwa senti 15 za dola. Ikiwa ombi moja linakula Connects 12, hiyo ni dola 1.80, ukiomba mara kumi ndipo upate kazi moja, umeshatumia dola 18, na mkononi zimebaki 72. Kwa kazi ya kwanza, basi, Fiverr imeitangulia, kwa kuwa huko mteja ndiye anayekuja kwenye tangazo lako.

Mambo hugeuka mteja anaporudi. Kazi ya pili Upwork haihitaji ombi, hivyo unabaki na 90, ilhali Fiverr inakata ileile 20. Kwa sababu hiyo naiweka Upwork ya tatu na Fiverr ya nne kwa mbunifu wa lebo, ambaye mteja wake wa asali kesho atataka lebo ya siagi ya karanga. Anayechora nembo moja na kuagana na mteja azipange kinyume. Kumbuka pia kwamba muuzaji mpya Fiverr husubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo fedha zifunguliwe, na kwamba Upwork inakataza kumhamisha mteja nje ya jukwaa kwa miezi 24 bila kulipa ada. Ukiomba mara ishirini bila kuitwa hata mazungumzo, acha kununua Connects na urekebishe sampuli zako kwanza.

Mhasibu asiufuate mpango huu. Behance haina kazi kwake, kwa kuwa vitabu vya mteja ni siri na haviwezi kuonyeshwa. Kwake LinkedIn ndiyo ya kwanza, uanachama wake wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, ukiandikwa wazi, na Upwork ni ya pili, kwa sababu kufunga hesabu ni kazi ya kila mwezi: dola 18 za maombi zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni dola moja na nusu tu kwa mwezi.