Programu ya hesabu ya nje: yenyewe poa, ila VAT yake ilinitoa jasho

Nina gesti ndogo hapa Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole, na pia nina nyumba chache nimepangisha familia. Mwaka jana nikaanza kutumia programu ya hesabu ya kampuni moja ya Ulaya, dola 200 kwa mwezi, nalipia kwa kadi. Kazi inafanya, hata intaneti ikikatika hesabu hazipotei, hapo sina neno. Shida ilikuwa kwenye ankara, imeandikwa `VAT 0% - Reverse charge`, mi nikaona sifuri nikashukuru Mungu nikafunga, kumbe.

Miezi mitatu mbele mhasibu wangu ananiambia, "Kaka, hii isiyo na VAT ndo yenye VAT." Maana yake ni kwamba muuzaji yuko nje, TRA hawana wa kumdai kule, kwa hiyo mimi mnunuzi niliyesajiliwa VAT najitoza mwenyewe asilimia 18 kama vile ndo niliyeuza. Tulivyobadilisha dola zile ilikuwa kama laki tano, kwa hiyo VAT yake 90,000. Inaingia kwenye ritani upande wa kodi ya mauzo, halafu ileile unaidai upande wa manunuzi.

Nikamuuliza sasa si inajifuta? Akasema ingejifuta kama mauzo yako karibu yote yana VAT, ila we unapokea pango la nyumba za kuishi, na hilo limesamehewa VAT. Mwezi ule gesti iliingiza milioni 21, nyumba milioni 9, jumla 30. Programu inahudumia vyote viwili, kwa hiyo nadai sehemu ya 21 kwa 30 tu, yaani asilimia 70, ambayo ni 63,000. Ile 27,000 iliyobaki inatoka mfukoni mwangu kila mwezi. Ndo maana nasema bei ya hii programu kwangu sio dola 200, ni 200 na kitu, na hakuna anayekwambia wakati unajiunga.

Miezi ya nyuma ilibidi turekebishe ritani moja moja, ikaja na riba juu. Sasa hivi ankara ikiingia tu kwenye imeili naipakua siku hiyohiyo (stetimenti ya benki peke yake haitoshi, weka ankara) namtumia mhasibu wangu, dada wa watu, mapema, maana ritani mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kitu kingine, kwenye akaunti yako ya programu jaza namba yako ya VAT. Usipojaza wanakuona mteja wa kawaida, na wauzaji wa nje wa huduma za mtandaoni tangu Julai 2022 wanatakiwa kumtoza VAT mteja asiyesajiliwa. Kama we hujasajiliwa basi hii ya kujitoza haikuhusu, unalipa kilichoandikwa unaendelea na maisha.

Naipa nyota 4. Moja nimeikata kwa ajili ya ile 27,000.