JIHADHARINI NA BONASI YA BURE YA KUBETI, WATU WA TUDOR NA MTAA WOTE

Nina hasira hata mikono yatetemeka nikitaipu. Yule jamaa wa tisheti ya kijani anayesimama steji na simu mbili, huyo huyo, kanishika jioni natoka klasi, "weka 500, tunakupa 500 ya bure, hela yako iko palepale." Kwa nini nisimwamini? Yuwaongea kama mtoto wa mtaa, akanifungulia akaunti mwenyewe, na dakika hiyo hiyo nikaona 1,000 kwenye skrini. Pesa ya HELB ilikuwa haijaingia, mnajua hali yetu.

Nikabeti ile 500 yangu mechi mbili, odi 1.50 na 1.53, zote zikaingia, karibu 1,150! Na bonasi ikawa karibu 1,650. Nikakaa kwa mama wa viazi karai nikaagiza sahani mbili kabisa, nikabonyeza kutoa. Ikaniambia pesa ya kutoa ni 0. Chini kuna kamstari kadogo, 0/30,000.

Hapo ndio nikafungua masharti, maandishi madogo kama chawa. Kumbe ukipokea bonasi lazima ubeti dipoziti na bonasi mara 30, yaani 1,000 mara 30, elfu thelathini ndani ya siku 7 ndio utoe kitu. Na kila mechi kwenye mkeka lazima iwe na odi 2.00 kwenda juu, kwa hiyo ule mkeka wangu ulioshinda haukuhesabiwa hata shilingi. Piga hesabu na wewe, wakila shilingi 5 tu kwa kila mia unayobeti, kwenye elfu thelathini washakula 1,500. Wamekupa 500, wanachukua 1,500, halafu waita bure!

Nikaandikia kastoma kea wao. Ati nikifuta bonasi, nilichoshinda nacho chafutwa, narudishiwa 500 yangu peke yake. Nikafuta. Ile karibu 650 niliyoshinda kwa hela yangu mwenyewe ndio hiyo imekwenda, na viazi nishakula.

Hawa ni wezi wa mchana, wallahi, wanyang'anywe leseni, na yule wa tisheti asikanyage steji yetu tena, wazee wa steji mko wapi? Wanawinda wanafunzi makusudi mwisho wa mwezi!

Ah, na dalili, kabla sijasahau. Ukiona bonasi, tafuta kwenye masharti ile namba yenye "mara", halafu uliza ni mara ya bonasi pekee au na dipoziti yako, hapo ndipo pana mtego. Angalia odi ya chini na siku. Na kama ushaingia, usibeti chochote, ifute bonasi kwanza kabla ya mkeka wa kwanza, ndio ukishinda kiwe chako. Wengine wana kitufe cha kukataa bonasi pale pale kwenye dipoziti, kimefichwa chini kabisa.