Miaka miwili na MALDI-TOF maabarani Kisumu: kwa kinyesi, soma sahani kwanza

MALDI-TOF ni mashine inayotambua bakteria kwa protini zao. Naitumia karibu kila siku katika maabara ya hospitali hapa Kisumu, na nikiulizwa kama inafaa, jibu langu ni ndiyo. Ila kuna pahali pamoja ambapo inakuangusha huku ikikuonyesha alama nzuri kabisa, na hapo ndipo nataka kupaelezea.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Sahani ya kuoteshea bakteria imelala kwenye inkubeta usiku kucha, asubuhi unachukua koloni moja kwa kijiti cha meno, unaipaka kwenye doa la kibao cha chuma, unadondosha mikrolita 1 ya matriki, kemikali inayonyonya nguvu ya leza, juu yake na kuiacha ikauke. Wageni wote hukosea pale pale: wanapaka nene, kama siagi kwenye mkate. Utando uwe mwembamba kiasi kwamba unauona kwa shida. Ukipaka nene, vilele havitoki, na skrini inakuandikia kwamba haijatambua kitu. Kwa hamira na bakteria wenye ukuta mgumu tunatangulia na tone la asidi ya fomiki ya asilimia 70.

Ndani, leza inapiga doa, protini zinaruka kwenye bomba lisilo na hewa, nyepesi zikifika mbele ya nzito. Mashine inapima muda wa safari hiyo na kuchora vilele kati ya daltoni 2,000 na 20,000 hivi, vingi vikiwa vya protini za ribosomu. Mchoro huo unalinganishwa na maktaba iliyomo kwenye kompyuta. Yetu hutoa alama hadi 3, kuanzia 2.0 tunakubali jina la spishi, chini ya 1.7 tunarudia. Kibao kikishaingia, kila doa linachukua dakika moja au chini yake. Zamani jina hilo hilo lilitaka mirija ya kemia na siku nzima zaidi ya kungoja.

Sasa kisa. Tuliletewa kinyesi cha mtoto wa miaka minne aliyeharisha damu siku tatu. Tulikipanda kwenye MacConkey na XLD, sahani mbili ambazo rangi zake husaidia kutofautisha bakteria wa utumbo. Kesho yake kijana wa zamu akapiga koloni, skrini ikaandika Escherichia coli, 2.31. Akaanza kujaza fomu kwamba ni bakteria wa kawaida wa utumbo, hakuna kilichoota cha kutia shaka.

Nikamwambia, "Hebu lete sahani tuione."

Kwenye MacConkey koloni zilikuwa hazina rangi, wakati E. koli wa kawaida huchachusha laktosi na kuwa waridi. Kwenye XLD zilikuwa nyekundu, bila jicho jeusi katikati, ilhali E. koli huigeuza XLD kuwa njano. Kijana akataka turudie kwa asidi, labda alipaka vibaya. Tukarudia: Escherichia coli, 2.40. Alama ilipanda, na jibu likabaki bovu vile vile. Alama inakuambia mchoro wako unafanana kiasi gani na mchoro ulio maktabani, na kwa protini hizi E. koli na Shigela, bakteria anayeleta kuhara damu, ni kama mapacha. Kwa ukoo wa jeni, Shigela ni tawi la E. koli lililopewa jina lake kwa sababu ya ugonjwa linaoleta. Kwa hiyo hata ukipaka kwa ustadi gani, kwa njia hii ya kawaida huwezi kuwatenganisha.

Tukaipanda koloni kwenye TSI, mrija wenye sukari na chuma unaobadilika rangi, na kwenye agari ya kawaida. Asubuhi mteremko wa TSI ulikuwa mwekundu, kitako njano, hakuna gesi wala weusi. Kwenye kigae cha kioo, antisera ya Shigela flexneri, yaani kingamwili zinazomshika bakteria huyo tu, iligandisha chembe kabla dakika haijaisha, na tone la maji ya chumvi pembeni likabaki laini. Hilo tone la chumvi usiliruke, kwani koloni nyingine hujigandisha zenyewe. Tukampigia daktari simu, kisha tukapanga vidonge vya dawa kwenye sahani, maana mashine hii haikuambii dawa gani itafanya kazi.

Malalamiko mengine ni madogo. Stima ikipotea na betri ikaisha, ombwe linapotea, na kulirudisha kunakula saa kadhaa. Matriki nayo ikiisha mnasubiri mzigo, mnarudi kwenye mirija.

Kwa stafilokoki, klebsiela na sudomonasi naiamini, na chupa ya damu ikitoa koloni asubuhi, wadi inajua jina kabla ya chai ya saa nne. Ila kinyesi chenye damu sasa hakifiki kwenye kibao cha chuma kabla mrija wa TSI haujapandwa.