Dar es Salaam hadi Moshi kwa basi: nauli niliyolipa Agosti na niliyolipa Desemba

Mwaka 2024 nilisafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Moshi mara mbili, kwenda na kurudi. Safari ya kwanza ilikuwa ya Agosti, kwa ajili ya kikao cha familia, na ya pili ilikuwa ya Desemba, ambayo Mchaga yeyote anayeishi Dar hahitaji kuelezwa. Nilitunza tiketi zote, na nilipoziweka mezani mwezi Januari niliona kwamba tofauti ya nauli haikutokana na ubora wa basi kama nilivyodhani, bali ilitokana zaidi na tarehe, na zaidi ya hapo ilitokana na neno moja ambalo wakala wa tiketi hulitaja harakaharaka: daraja.

Mabasi ya mikoani yako katika madaraja, na daraja la kila basi limo katika leseni yake ya usafirishaji. Halitokani na rangi wala na maneno ya mpiga debe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga nauli ya juu kabisa kwa daraja la kawaida na daraja la kati. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja, na daraja la kati shilingi 67.84. Kutoka Dar hadi Moshi kwa njia ya Chalinze na Segera ni kama kilomita 550, kwa hiyo ukizidisha unapata takriban shilingi 26,700 kwa daraja la kawaida na 37,300 kwa daraja la kati. Daraja la juu halikupangiwa ukomo, kwa maana kwamba mwenye basi anajipangia mwenyewe kulingana na soko.

Kinachosahaulika ni kwamba kiasi hicho ni ukomo wa juu, si bei ya kudumu. Mwezi Agosti nilifika Stendi ya Magufuli pale Mbezi bila tiketi, saa moja kabla ya basi kuondoka, nikapata siti ya daraja la kati kwa shilingi 30,000, yaani chini ya ukomo kwa zaidi ya shilingi 7,000. Basi lilikuwa la siti mbili kwa mbili, lina kiyoyozi kilichofanya kazi hadi Korogwe na kuanzia hapo tukafungua madirisha. Jirani yangu aliyesafiri wiki hiyohiyo kwa daraja la juu alilipa 45,000, na kwa 15,000 hizo za ziada alipata siti pana, choo ndani ya basi, na maji na biskuti. Tulitumia muda uleule njiani, kwa sababu mwendo unadhibitiwa kwa mabasi yote na foleni ya Kibaha haichagui daraja. Kwa mtu asiye na tatizo la miguu au mgongo, sioni sababu ya kulipa tofauti hiyo katika safari ya mchana.

Desemba mambo yalibadilika. Mwishoni mwa Novemba nilikwenda ofisini kwa kampuni ileile kuomba siti ya tarehe 21, nikajibiwa kwamba tiketi za tarehe hizo hazijafunguliwa. Nilirudi siku tisa baadaye nikapata jibu hilohilo. Zilipofunguliwa, siti za daraja la kati zilikuwa zimebaki chache, na bei ikawa shilingi 50,000. Nililipa taslimu, na wakala akanikabidhi tiketi iliyochapishwa kwenye mashine ikionesha shilingi 37,000. Nilipomuuliza hizo 13,000 nyingine ziko wapi, alisema ni gharama ya kunishikia nafasi, kisha akamwita mteja wa nyuma yangu. Nilijilaumu kwa kutoa fedha kabla ya kuona tiketi, kwani baada ya kulipa taslimu karatasi hiyo inamlinda yeye kuliko inavyonilinda mimi. Tangu hapo nalipa kwa simu, ili ujumbe wa malipo uoneshe kiasi halisi na uweze kulinganishwa na tiketi pale abiria anapoamua kulalamika LATRA.

Shemeji yangu alichelewa hadi tarehe 18, na yaliyomkuta ni mabaya zaidi. Aliuziwa tiketi ya shilingi 60,000 kwa maelezo kwamba ni daraja la juu. Siku ya safari lilikuja basi la siti tatu kwa mbili, ambalo siku za kawaida linakwenda njia nyingine kabisa. Ninavyoona, hapa ndipo penye ujanja wa msimu: kwa kuwa daraja la juu halina ukomo, kulitaja tu kunatosha kuhalalisha bei yoyote. Dalili ziko wazi kabla ya kulipa. Mwambie wakala akutajie namba ya usajili wa basi na akuoneshe mpangilio wa siti. Siti zikiwa tano kwa mstari, hilo si basi la kulipia 60,000, hata likipewa jina gani.

Kwa haki, wenye mabasi nao wana hoja yao. Wiki ya kabla ya Krismasi basi linapanda Kilimanjaro limejaa na linarudi Dar karibu tupu, huku mafuta yakiwa yaleyale. Nililithibitisha hilo kupitia mdogo wangu, ambaye alishuka kutoka Moshi kuja Dar tarehe 22 kwa shilingi 20,000, akiwa na siti mbili peke yake. Baada ya mwaka mpya hali iligeuka: mimi nililipa 45,000 kurudi Dar tarehe 3 Januari, lakini mwenzangu aliyesubiri hadi tarehe 11 alilipa 32,000 kwa basi la daraja lilelile.

Mizigo ni habari nyingine. Tiketi yangu iliruhusu kilo 20 bure, lakini pale kwenye buti sikuona mzani. Aliyekuwepo ni utingo mwenye jicho kali. Wakati wa kwenda nilikuwa na begi moja na mfuko wa mchele wa kilo 25. Utingo aliushika mfuko, akauinua kidogo, akasema shilingi 15,000. Nilimweleza kwamba nimeupima nyumbani na begi ni kilo 12, hivyo kilichozidi ni kilo 17 tu, tukakubaliana 7,000. Kilichonisaidia ni kuwa na namba mkononi, maana abiria aliyenifuata, mwenye mfuko kama wangu na begi dogo zaidi, alilipa 15,000 bila kuuliza. Nilidai pia stakabadhi ya mzigo, akaniandikia kwa shingo upande. Bila karatasi hiyo, mzigo ukishushwa Same kwa makosa huna cha kuonesha.

Wakati wa kurudi nilibeba mkungu wa ndizi na ndoo ya parachichi. Utingo wa safari hiyo alitaka 10,000 kwa mkungu peke yake, akidai ndizi zinachafua buti. Niliufunga kwenye kiroba mbele yake, akashusha hadi 4,000.

Kwa Desemba ijayo nimeshaamua kusafiri tarehe 14, kabla shule na ofisi hazijamwaga watu stendi.