Vyembe vya mishale ya kuwindia: kipi ununue ukiwa Mwanza, imara au cha kukunjuka?

Anayeagiza vyembe akiwa Mwanza husubiri mzigo kwa wiki kadhaa, na akikosea hana duka la jirani la kubadilishia. Kwa hiyo nitasema mapema: kwa wengi wetu, nafasi ya kwanza naipa chembe imara chenye nyembe tatu, upana wa milimita 28 hivi, uzito wa gramu 6.5 hadi 8. Kwenye pakiti uzito huo huandikwa greni 100 au 125.

Chembe imara nyembe zake zimekazwa, hazisogei. Cha kukunjuka huruka nyembe zikiwa zimelala, kisha zinakunjuka zikigusa ngozi. Wauzaji husifu hiki cha pili kwa upana wa jeraha, na ni kweli, lakini pima vizuri. Chembe cha kukunjuka chenye nyembe mbili na upana wa milimita 51 hukata mstari wa milimita 51. Kile imara cha milimita 28 kina nyembe tatu, kila moja ikitoka katikati kwa milimita 14, kwa hiyo mikato yake kwa jumla ni milimita 42. Tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye picha. Tena mkato wa pande tatu haujifungi kirahisi kama mpasuko mmoja ulionyooka, hivyo damu huendelea kudondoka na nyayo hufuatika.

Kupenya ndiko kunakonifanya nipange hivi. Chukua upinde wa kapi wenye mvuto wa pauni 60 na mshale wa gramu 26 unaotoka kwa mita 80 kwa sekunde. Huo una nishati ya jouli 83 hivi. Chembe cha kukunjuka hutumia sehemu ya nishati hiyo kufungua nyembe, halafu kinasukuma mkato mpana zaidi ndani ya nyama. Kwa swala pala aliyesimama ubavu, bado inatosha. Kwa ngiri mwenye ngozi iliyogandiwa na tope, au mnyama aliyekaa mshazari, wembe mmoja hugusa mbavu kabla ya mwenzake, mshale unapinda na kuishia nusu njia. Tundu la kutokea likikosekana, damu hubaki ndani ya kifua na wewe unabaki kutafuta kichakani jioni. Mshale huohuo ukiufanya wa gramu 36, utapungua mwendo hadi mita 70 hivi kwa sekunde, lakini msukumo wake unapanda kwa moja ya tano hivi. Kwa mnyama mkubwa kama pofu ningechukua mshale mzito wa namna hiyo na chembe imara cha nyembe mbili, ambacho ndicho hupenya kuliko vyote. Nakipa nafasi ya pili kwa sababu tu jeraha lake ni jembamba.

Usahihi ndio unaokipa chembe cha kukunjuka heshima yake. Nyembe zilizolala hazishiki upepo, hivyo kinaruka karibu sawa na chembe cha mazoezi. Chembe imara ni kama bawa mbele ya mshale: upinde ukiwa na kasoro ndogo, kinaikuza. Jaribu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Piga mishale mitatu ya mazoezi na mitatu ya vyembe imara kwa mita 30. Vyembe imara vikiangukia kushoto, sogeza egemeo la mshale kulia, chini ya milimita moja kila mara, hadi makundi yaungane. Yasipoungana, wano, yaani mti wa mshale, huenda ni laini au gumu mno kwa upinde wako, na kununua chembe cha kukunjuka kutaficha tatizo tu. Mshale unaotikisika hewani hupenya vibaya hata ukipiga mahali sahihi.

Nafasi ya tatu ni chembe cha kukunjuka cha milimita 38 ambacho nyembe zake huteleza kurudi nyuma zinapofunguka, kwa upinde wa pauni 60 na zaidi na mnyama aliyesimama ubavu tu. Vile vinavyofunguka kama mwavuli, kwa upana wa milimita 50 kwenda juu, naviweka mwisho. Niliwahi kupoteza pigo kwa sababu ya pete ya mpira inayoshika nyembe: ilikuwa imekauka kwa joto la gari, ikakatika mshale ulipoondoka, wembe ukafunguka hewani na mshale ukaenda pembeni kabisa. Ukivinunua, badilisha pete kila msimu na uvute kila wembe kwa kidole kabla ya kutoka.

Kwa chembe imara, angalia kama nyembe zinanoleka kwa tupa na jiwe, na zungusha mshale juu ya kucha: ncha ikiyumba, shina la chembe limepinda, kirudishe. Na kabla ya kulipia chochote, hakikisha kibali chako cha uwindaji kinautaja upinde waziwazi.